Toniki, misuli inayobana usiku, na moyo wa mama

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68 na anatumia dawa ya presha. Usiku mashavu ya miguu yanambana mpaka analia. Jirani amemwambia anywe glasi ya toniki kabla ya kulala kwa sababu ina kwinini. Mwaka juzi alipimwa akaambiwa mapigo ya moyo hayaendi sawasawa. Je, toniki inasaidia kweli, na ni salama kwake?"*

Marahaba. Kwa mama yako jibu langu ni kwamba toniki aiache kwa sasa, mpaka mambo mawili yajulikane: ni dawa gani hasa ya presha anayomeza, na hiyo hitilafu ya mapigo aliyoambiwa mwaka juzi ilikuwa ya aina gani. Glasi moja haina kwinini ya kutosha kumtuliza misuli, na yeye yumo katika kundi la watu ambao sipendi waongezewe hata kidogo kitu kinachogusa umeme wa moyo. Nitaeleza sababu zangu, kwa kuwa sababu hizo hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kuanzia kumsaidia.

Kwanza nimtendee haki jirani yenu. Ushauri wake haukutoka hewani. Kwinini, ile ile ambayo wazee wetu waliimeza kwa malaria, ilitumika kwa miongo mingi kutuliza misuli inayobana usiku, na madaktari waliiandika wakiwa na imani nayo. Msuli hukaza pale neva inapoupa amri, kisha huhitaji muda mfupi wa kutulia kabla haujaweza kukaza tena. Kwinini huurefusha muda huo wa kutulia na kuupunguzia msuli wepesi wa kuitikia amri za neva. Watafiti walipokusanya pamoja majaribio 23, yenye washiriki karibu 1,600 waliopewa kati ya miligramu 200 na 500 kwa siku, waliona kwamba ndani ya wiki mbili idadi ya mibano ilipungua kwa zaidi kidogo ya robo, na ukali wa maumivu ukapungua kwa takriban asilimia 10. Urefu wa kila mbano haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo kwinini ya vidonge inasaidia, lakini msaada wake ni wa wastani: mtu aliyekuwa akibanwa mara tisa katika wiki mbili huenda akabanwa mara sita au saba.

Sasa tutoke kwenye kidonge twende kwenye chupa. Kwinini iliyo katika toniki imewekwa kwa ajili ya uchungu wake, na kiasi chake ni kidogo. Nchini Marekani sheria hairuhusu kinywaji kiwe na zaidi ya sehemu 83 za kwinini katika milioni, yaani takriban miligramu 83 katika lita moja. Tukichukua kiwango hicho cha juu kabisa, chupa ya mililita 300 ina miligramu 25. Dozi ndogo kuliko zote katika majaribio niliyoyataja ilikuwa miligramu 200, hivyo mama yako angehitaji chupa nane kwa siku ili aifikie, na toniki nyingi hazifikii hata hicho kiwango cha juu. Pamoja na chupa hizo nane angekunywa zaidi ya lita mbili za maji na sukari inayovuka gramu 100, jambo ambalo kwa mwenye presha, na pengine kisukari ambacho hakijapimwa, ni balaa la aina nyingine. Kwa kulinganisha, mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa kwinini alimeza miligramu 600 mara tatu kwa siku kwa siku saba, na ndiyo maana waliowahi kuitumia wanakumbuka masikio yaliyovuma, kichwa kilichouma na kichefuchefu. Glasi moja ya toniki haikaribii hapo.

Wapo wanaoapa kwamba glasi hiyo moja imewasaidia, nami siwaiti waongo. Mibano ya usiku huja kwa vipindi na kuondoka yenyewe. Mtu hutafuta dawa wakati hali imefikia ubaya wake wa juu, na siku zinazofuata kwa kawaida huwa nafuu kwake, awe amekunywa kitu au hakunywa. Katika majaribio ya kwinini hata waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walipata nafuu kiasi.

Huenda ukauliza: ikiwa kiasi ni kidogo hivyo, kuna hatari gani? Kwa mtu mwenye moyo mzima, asiyetumia dawa yoyote, glasi moja ya toniki haina la kumtisha, na sitaki msomaji aliyekunywa jana aanze kujihesabia mapigo usiku. Lakini ni lazima tujue kwamba kwinini na moyo wanajuana tangu zamani. Karel Wenckebach, tabibu Mholanzi aliyebobea katika mapigo ya moyo, alisimulia katika maandishi yake ya mwaka 1914 habari za mfanyabiashara aliyekuja kwake akiwa na mapigo yaliyovurugika, akamwahidi kwamba kesho yake angerudi yakiwa yametulia. Akarudi yametulia kweli. Alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini, mazoea aliyoyapata alipokuwa akijikinga na malaria. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ambayo ni pacha wa kwinini kutoka gome la mti ule ule wa mkwinini, inafanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi, na kwinidini ikawa dawa ya mapigo ya moyo kwa miaka mingi. Na dawa inayoweza kuyarudisha mapigo katika mstari inaweza pia kuyatoa katika mstari. Kwinini ni pacha dhaifu katika jambo hili, ila damu yao ni moja.

Wauguzi wetu waliijua hatari hii kwa mikono yao kabla dawa mpya za malaria kali hazijaingia. Kwinini ya dripu ilichanganywa katika maji ya glukosi na kuachwa itiririke taratibu kwa saa nne, na ilikuwa mwiko kuisukuma moja kwa moja kwenye mshipa kwa sindano, kwa sababu presha ingeweza kuporomoka na moyo ukavurugika hapo hapo kitandani.

Ili uelewe kinachotokea, fikiria kila pigo la moyo kuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza umeme unapita na moyo unakaza. Katika ya pili chembe za moyo zinajichaji upya kwa kutoa potasiamu nje kupitia vijilango vidogo vilivyomo katika kuta zake. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, muda wa kuanzia kukaza hadi kumaliza kujichaji huandikwa QT, na mashine huurekebisha kulingana na kasi ya mapigo na kuuandika QTc. Kwa mwanamume kawaida hauzidi milisekunde 450, kwa mwanamke takriban 460, na ukifika 500 sisi huacha shughuli nyingine na kumshughulikia mgonjwa. Kwinini huziba baadhi ya vile vijilango, hivyo potasiamu hutoka polepole na QT hurefuka. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo inavyorefuka zaidi. Pigo jingine likiingia kabla chembe hazijamaliza kujichaji, moyo unaweza kuangukia katika mbio ambazo kwenye karatasi huonekana kama uzi unaosokotwa kuuzunguka mstari. Mfaransa François Dessertenne alizieleza mbio hizo mwaka 1966 na akazipa jina kutokana na huko kusokota. Mgonjwa huzimia ghafla, bila hata kupata nafasi ya kushika ukuta. Mara nyingi mbio hukatika zenyewe akazinduka. Wakati mwingine hazikatiki.

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini zaidi, kwa sababu linamhusu mama yako moja kwa moja. Dawa nyingi za presha zimo katika kundi la dawa za kukojoza, kama haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi na furosemaidi. Mara nyingine hazionekani kwa urahisi, maana zimeunganishwa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja na jina lake limeandikwa la pili kwenye boksi. Dawa hizi hutoa maji na chumvi mwilini, na pamoja navyo huondoka potasiamu na magnesiamu. Madini hayo yakipungua, misuli ya miguu hubana usiku. Na potasiamu ikipungua katika damu, vile vijilango vya moyo hufanya kazi kwa uvivu, hata kabla kwinini haijafika. Kwa maneno mengine, kile kinachombana mama mguu kinaweza kuwa ndicho hicho hicho kinachoufanya moyo wake usistahimili kwinini. Mtu anayeutuliza mguu kwa toniki bila kupima damu anaficha dalili iliyokuwa ikimwonya kuhusu moyo.

Niliwahi kumhudumia mzee wa miaka 71, mstaafu wa reli, aliyeletwa alfajiri baada ya kuanguka akielekea chooni. Alizinduka njiani na alipofika alikuwa anazungumza vizuri, akisisitiza kwamba aliteleza tu. Kipimo cha moyo kikaonyesha QTc ya milisekunde 530. Mkewe alikuja na mfuko wa plastiki wenye dawa zake zote, na chini ya maboksi kulikuwa na chupa mbili tupu za toniki za lita moja moja, ambazo alizileta kwa sababu, kama alivyosema, "na hii nayo anakunywa kila siku kama dawa". Tukaipanga hadithi kwa tarehe. Wiki tano nyuma miguu yake ilikuwa imevimba, akaongezewa dawa ya kukojoza mara mbili ya ile ya awali. Wiki mbili baadaye misuli ikaanza kumbana usiku. Rafiki akamshauri toniki, naye akawa anamaliza lita kila jioni, yaani hadi miligramu 80 za kwinini kwa mtu mzima ambaye umri wake huifanya dawa hii ikae mwilini kwa muda mrefu kuliko kwa kijana. Siku tatu kabla ya kuanguka alinunua azithromaisini dukani kwa ajili ya kikohozi, na azithromaisini nayo hurefusha QT.

Potasiamu yake ilikuwa 2.8, wakati kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, na magnesiamu ilikuwa chini. Akiwa wodini mashine iliyomfuatilia ilinasa mbio fupi za kusokota, sekunde chache tu, macho yake yakapanda juu kisha akarudi akauliza kwa nini sote tumemsimamia. Alipewa gramu mbili za magnesiamu salfeti kwenye mshipa, akarudishiwa potasiamu, azithromaisini na toniki vikasimamishwa, na dawa ya kukojoza ikabadilishwa. Siku ya nne potasiamu ilikuwa 4.1 na QTc 440. Misuli ikaacha kumbana bila kumeza kitu kingine chochote.

Sisemi toniki peke yake ilimwangusha. Nikilazimika kugawa lawama, sehemu kubwa ningeiweka kwenye potasiamu, ya pili kwenye azithromaisini, na toniki ningeipa sehemu ndogo. Lakini hivyo ndivyo moyo unavyovurugika katika hali hizi: mara chache ni kitu kimoja kikubwa, mara nyingi ni vitu vitatu vidogo vilivyokutana katika wiki moja, na mgonjwa hakukitaja hata kimoja kati ya hivyo kwa sababu aliamini kwamba soda si dawa.

Kutokana na hayo utaona ni nani ninayemshauri aikwepe toniki kabisa, pamoja na vinywaji vingine vyenye kwinini kama soda chungu ya limau. Wa kwanza ni yule aliyewahi kuambiwa QT yake ni ndefu, au aliyewahi kuzimia bila sababu inayoeleweka, au mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Wa pili ni mwenye moyo uliochoka na kupanuka, mwenye mapigo ya polepole mno, au mwenye hitilafu katika njia za umeme wa moyo. Wa tatu ni anayetumia dawa za kurekebisha mapigo, hasa amiodaroni, sotaloli na digoksini. Kwa digoksini kuna sababu ya ziada, kwani kwinini huizuia isitoke mwilini, nayo ikijilimbikiza huwa sumu. Wa nne ni anayepoteza potasiamu, iwe kwa dawa za kukojoza, kuharisha au kutapika.

Wa tano ni yule anayetumia dawa nyingine inayorefusha QT, na hizi zimejaa katika maduka yetu: azithromaisini na erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli ya fangasi, haloperidoli na baadhi ya dawa nyingine za akili, bedakwilini ya kifua kikuu sugu, na hata dawa ya mseto ya malaria iliyoandikwa ALu. Anayemeza mseto kwa siku zake tatu anaweza kuiacha toniki wiki hiyo bila kupoteza kitu.

Yupo pia mtu mmoja ambaye kwake hatari si ya moyo, nami siwezi kumpita. Kwinini inaweza kuuchochea mwili uziharibu chembe sahani zinazogandisha damu, na tatizo hili halifuati wingi wa dozi: kwa aliyekwisha kuathiriwa, hata toniki ya kwenye glasi inaweza kulirudisha. Anayepata vidoa vyekundu miguuni kama alivyochomwa na sindano, au kutokwa damu kwenye fizi, baada ya kunywa toniki, asiiguse tena maisha yake yote. Madhara hayo ya damu pamoja na ya moyo ndiyo yaliyoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani, Desemba 2006, iamuru kuondolewa sokoni vidonge vya kwinini visivyoidhinishwa, ikiwa imepokea tangu mwaka 1969 ripoti 665 za madhara makubwa, zikiwemo za vifo 93. Uingereza bado inaruhusu kidonge hicho kwa misuli, ila kwa masharti ya kubana, na mwaka 2017 mamlaka yake iliwakumbusha madaktari kuhusu kurefuka kwa QT. Ikiwa kidonge kimewekewa tahadhari hiyo huko kwenye vipimo karibu, kwetu sioni sababu ya kumwandikia mama wa miaka 68 kwa tatizo la miguu.

Sasa, cha kufanya. Kusanya maboksi yote ya dawa za mama, hata zile anazoazimwa na majirani, uyasome au uyapige picha. Mpeleke kituo cha afya kinachoweza kupima potasiamu, magnesiamu, figo na sukari, na uombe kipimo cha umeme wa moyo. Kama karatasi ya kipimo cha mwaka juzi bado ipo, hata kama imefifia, ichukue, kwa maana kulinganisha ya zamani na ya sasa kunamwambia daktari mengi kuliko ya sasa peke yake. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe. Kama ndiyo yenye kosa, daktari ataipunguza au kuibadilisha, na presha iliyoachwa bila dawa inaweza kumpa kiharusi. Wala msianze kumpa vidonge vya potasiamu bila kupima, kwa kuwa kama figo zimechoka potasiamu ikizidi inasimamisha moyo.

Wakati mnasubiri majibu, kuna kitu kisicho na hatari ambacho kimefanyiwa jaribio. Nchini Uholanzi watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55 waligawanywa makundi mawili, na waliojinyoosha misuli ya miguu kila usiku kabla ya kulala kwa wiki sita walibanwa mara chache kuliko wenzao. Mama asimame akiutazama ukuta, ameweka viganja ukutani, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Wa nyuma goti limenyooka na kisigino kimekaa sakafuni. Aegemee mbele taratibu mpaka ausikie msuli wa shavu la mguu unavutika bila kuuma, ahesabu hadi kumi, apumzike, arudie mara tatu, kisha abadili mguu. Usiku msuli ukimbana, anyooshe goti na kuvivuta vidole vya mguu kuelekea usoni, au wewe uvisukume kwa kiganja, na ashikilie hivyo mpaka uachie. Blanketi zito lililobanwa chini ya godoro huusukuma unyayo uelekee chini na kuufupisha msuli, hivyo lilegezeni.

Kama tayari ameshakunywa toniki siku mbili tatu na hajisikii vibaya, haina haja ya kukimbilia hospitali usiku huu. Aiache tu, na mengi ya aliyokunywa yatakuwa yameondoka mwilini ndani ya siku chache. Lakini akizimia hata kwa sekunde chache, au akasema moyo unapiga mbio ghafla huku macho yanaingia giza, mpelekeni siku hiyo hiyo, asiende akitembea wala peke yake, na mtakapofika taja toniki pamoja na dawa nyingine zote, hata kama hakuna aliyewauliza kuhusu soda.